Kidonge Kimoja, Matokeo Mawili

Kijana anayetumia heroini kila siku amevuta kete yake saa mbili asubuhi. Saa nne anapewa kidonge cha buprenofini, dawa inayotibu uraibu wa heroini, naye anakiweka chini ya ulimi. Kabla saa haijapita ameanza kutapika. Jasho linamtiririka, tumbo linamkata, mifupa inamuuma kama aliyepigwa, na hawezi kukaa wala kulala.

Siku nyingine kijana yuleyule anapewa kidonge kilekile. Safari hii hajagusa unga tangu jana yake jioni, na tayari arosto imemshika: anapiga miayo mfululizo, kamasi zinamtoka, vinyweleo vimemsimama. Ndani ya muda uleule anatulia. Miayo inakoma, tumbo linapoa, anaomba chai.

Dawa haikubadilika, kipimo hakikubadilika, na mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni saa tu. Anayeelewa kwa nini kidonge kimoja kilimtesa asubuhi moja na kumponya asubuhi nyingine atakuwa ameshaelewa maneno matatu ambayo wafamasia huyatumia kila siku na ambayo wagonjwa huyasikia kwa mbali: agonisti, antagonisti na agonisti nusu.

Dawa nyingi hazifanyi kazi kwa kuzagaa tu kwenye damu. Juu ya utando wa seli zetu kuna protini ndogondogo zinazoitwa vipokezi, na kila aina ya kipokezi hupokea ujumbe wa aina yake. Kemikali ya mwili inapokishika kipokezi chake, seli hupata habari na kufanya jambo: msuli unakaza, moyo unaongeza mwendo, maumivu yanapungua. Dawa hupenya kwa mlango huohuo. Umbo lake linafanana vya kutosha na la kemikali ya mwili hata kipokezi kikaipokea.

John Langley, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliliona jambo hili mwaka 1905 kwenye misuli ya kuku. Aliporuhusu nikotini iufikie msuli, msuli ulikaza. Alipoweka kurare, sumu ambayo wenyeji wa Amerika Kusini walipaka kwenye mishale yao ya kuwindia, msuli ulilegea. Akizidisha nikotini, mkazo ulirudi. Akizidisha kurare, ukapotea tena. Langley akaamua kwamba vitu hivyo viwili vinagombania mahali pamoja ndani ya msuli, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupaona.

Kilichochukua muda mrefu zaidi kueleweka ni kwamba kupata mahali ni jambo moja, na kufanya kazi ukishapapata ni jambo jingine. Miaka ya 1950 watafiti wawili, Ariëns kule Uholanzi na Stephenson kule Edinburgh, walilitenganisha hilo waziwazi. Kila dawa ina sifa mbili. Ya kwanza ni mshiko, yaani inakishika kipokezi kwa nguvu kiasi gani na inakaa hapo kwa muda gani. Ya pili ni msukumo, yaani ikishakaa, inakifanya kipokezi kitume ujumbe kwa kiasi gani. Sifa hizi mbili haziendi pamoja. Kuna dawa zenye mshiko mkubwa zisizo na msukumo wowote, na hapo ndipo watu wengi hupotea.

Fikiria kiti cha dereva wa daladala. Akikaa dereva na kukanyaga mafuta mpaka mwisho, huyo ni agonisti. Akikaa mtu akakunja mikono, hagusi chochote na wala hampishi mwingine, huyo ni antagonisti. Na akikaa dereva anayeendesha gia ya kwanza tu hata umlazimishe vipi, huyo ni agonisti nusu. Gari linakwenda, lakini halitazidi mwendo ule. Neno nusu hapa lisichukuliwe kuwa asilimia 50 kamili. Dawa moja inaweza kufikia robo ya mwendo, nyingine theluthi mbili.

Agonisti tunazijua wengi bila kujua kwamba zinaitwa hivyo. Salbutamoli, ile ya kwenye pampu ya pumu, hukaa kwenye vipokezi vya misuli inayozunguka njia za hewa, ambavyo kwa kawaida huamshwa na adrenalini ya mwili wenyewe. Ikivikalia, misuli inalegea na hewa inapita ndani ya dakika chache.

Antagonisti maarufu jikoni ni kafeini. Tunapokuwa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo na kuuambia umechoka. Kafeini hukaa kwenye vipokezi vya adenosini na kunyamaza. Kahawa, kwa hiyo, haikupi nguvu yoyote. Inazuia tu taarifa ya uchovu isifike, na adenosini yote iliyokosa mahali inaendelea kungoja. Hii ndiyo tabia ya antagonisti: athari yake inategemea ujumbe unaozuiwa. Pasipo na ujumbe wa kuzuia, hakuna kinachoonekana.

Kwenye duka la dawa tofauti hii inaweza kumweka mtu pabaya. Propranololi, dawa ya moyo iliyotokana na kazi ya James Black, Mskoti aliyepewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1988, ni antagonisti wa vipokezi vya adrenalini. Ikivikalia vipokezi vya moyoni, mapigo yanapungua. Lakini haichagui, hukaa pia kwenye vile vya njia za hewa. Mwenye pumu akiimeza kwa ajili ya moyo kwenda mbio au mikono kutetemeka, njia zake za hewa zinaweza kubana, na akikimbilia pampu atakuta salbutamoli inagombania viti vilivyokwisha kukaliwa. Pampu nzima, dawa haijaisha muda, na bado haimsaidii kama jana. Ndiyo maana mfamasia makini huuliza kuhusu pumu kabla ya kumkabidhi mtu propranololi, na anayeulizwa asione anapekuliwa.

Sasa turudi kwenye unga. Mofini, heroini na methadoni zote ni agonisti kamili wa vipokezi vya afyuni vilivyopo kwenye ubongo na uti wa mgongo. (Heroini yenyewe mwilini hugeuka haraka kuwa mofini na ndugu zake wa karibu.) Vipokezi hivyo vikiamshwa, maumivu hupungua na mtu hujisikia raha. Lakini vingine vya aina hiyohiyo vimekaa kwenye shina la ubongo, mahali panaposimamia pumzi. Humo navyo agonisti kamili hukanyaga mafuta: kadiri dozi inavyopanda ndivyo ubongo unavyozidi kusahau kupumua. Hakuna kiwango ambacho athari hiyo inagota na kusimama. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Aliyezidisha unga hushuka chini ya hapo, midomo inageuka rangi, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya pini, na ukimtikisa haamki.

Dawa ya kumrudisha ni naloksoni, antagonisti halisi. Mshiko wake kwenye vipokezi vya afyuni ni mkubwa kuliko wa mofini, na msukumo haina. Ikichomwa kwenye mshipa, dakika moja au mbili zinatosha kwa pumzi kurudi. Hospitalini huanza kwa kiasi kidogo, mara nyingi miligramu 0.4, kisha hurudia kila baada ya dakika mbili tatu mpaka mgonjwa apumue vizuri. Ipo pia ya kupulizia puani. Mtu ambaye hajawahi kugusa unga ukimchoma naloksoni hiyohiyo, hatasikia kitu. Hakuna dereva wa kumtoa kitini.

Kuna jambo ambalo ndugu wa mgonjwa huwaudhi manesi kwa kutolijua. Naloksoni huondoka upesi, baada ya nusu saa hadi saa moja na nusu. Heroini hukaa saa kadhaa, na methadoni huweza kukaa siku nzima na zaidi. Kwa hiyo aliyeamka, akaketi kitandani na kudai kurudi nyumbani, anaweza kuzimika tena saa moja baadaye bila kuongeza hata chembe ya unga, kwa sababu aliyekalia kiti ameondoka na yule wa kwanza bado yuko mlangoni. Anayemng'ang'ania abaki chini ya uangalizi hamfungi, anahesabu saa.

Na pale mtegemezi wa unga anapopewa naloksoni, hupata kitu kingine pamoja na pumzi. Mwili uliozoea vipokezi vyake viendeshwe kwa kasi kila siku unajikuta ghafla kasi imeshuka mpaka sifuri. Hiyo ndiyo arosto, ila imekuja kwa dakika badala ya kujongea kwa saa nyingi. Wengine huamka wamekasirika na kumlaumu aliyewaokoa. Hasira yao ina sababu ya kikemikali, ingawa kwa aliyetoka kuwafufua hilo si faraja kubwa.

Buprenofini imekaa katikati ya hao wawili. Ilitengenezwa miaka ya 1960 na kampuni ya Kiingereza, Reckitt & Colman, iliyokuwa ikitafuta dawa ya maumivu isiyo na hatari ya mofini. Mshiko wake ni wa ajabu: unazidi wa mofini, unazidi wa heroini, na hata naloksoni huipata taabu kuing'oa. Ikishakaa haiachii upesi. Msukumo wake, hata hivyo, ni wa kiasi.

Tuweke hesabu kidogo ili kidonge cha kijana wetu kieleweke. Takwimu hizi ni za kufundishia tu, hakuna maabara iliyompima. Tuseme ana vipokezi 100, na kipokezi kinachoendeshwa na agonisti kamili kinatoa ujumbe wa pointi 1. Kinachoendeshwa na buprenofini kinatoa pointi 0.4.

Asubuhi ile ya kwanza, saa mbili baada ya kete, heroini ilikuwa imekalia vipokezi 80. Ujumbe wake ulikuwa pointi 80, na mwili ulikuwa umetulia hapo. Kisha ikaja buprenofini na mshiko wake, ikaifukuza heroini na kukalia vipokezi 90. Tisini mara 0.4 ni 36. Kijana alishuka kutoka 80 hadi 36 ndani ya muda mfupi. Vipokezi vilivyokaliwa viliongezeka, ujumbe ukapungua zaidi ya nusu. Kwa mwili uliozoea 80, anguko hilo ni arosto kamili. Asubuhi hiyo buprenofini ilifanya kazi ya antagonisti.

Asubuhi ya pili heroini ilikuwa imeondoka karibu yote. Ujumbe ulikuwa, tuseme, pointi 5, na ndiyo maana alikuwa anapiga miayo. Buprenofini ikakalia vipokezi vilevile 90 na kutoa pointi zilezile 36. Kutoka 5 kwenda 36 ni kupanda, na kijana akapata nafuu. Siku hiyo ilikuwa agonisti.

Dawa hiyo haina nyuso mbili. Inatoa 36 siku zote. Yanayotofautiana ni yale iliyoyakuta. Agonisti nusu humpandisha aliye chini na humshusha aliye juu, na mtu akishalishika hilo hahitaji kukariri orodha ya dawa.

Kwa hiyo kazi ngumu ya siku ya kwanza ya matibabu ni kujua mgonjwa yuko chini kiasi gani, na saa ya ukutani peke yake haitoshi. Kwa heroini kawaida husubiriwa saa 6 hadi 12 au zaidi tangu mara ya mwisho; kwa anayetoka kwenye methadoni, inayokaa mwilini muda mrefu, si chini ya saa 24 na mara nyingi zaidi. Lakini wagonjwa hukosea saa, au husema wanachodhani daktari anataka kusikia. Mwili ndio usioongopa. Muuguzi hutazama mboni, ambazo kwenye arosto hupanuka. Huangalia vinyweleo, miayo, machozi na kamasi, hupima mapigo ya moyo, huuliza kuhusu tumbo na viungo, kisha hujumlisha alama. Alama zikiwa chache, mgonjwa anaambiwa angoje. Anayebembeleza apewe mapema kwa kuwa anateseka anaomba bila kujua mateso makubwa zaidi. Zikitosha, huanza na miligramu 2 au 4, huangaliwa, na kuongezewa. Kidonge hakimezwi. Kikimezwa, ini hukiharibu sehemu kubwa kabla hakijafika kwenye ubongo; chini ya ulimi huingia kwenye damu moja kwa moja, na huchukua dakika kadhaa kuyeyuka.

Baada ya siku hizo za mwanzo ule mshiko unakuwa mlinzi. Kijana aliyemeng'enya kidonge chake asubuhi akishawishika kuvuta kete jioni, heroini itakuta vipokezi 10 tu vilivyo wazi. Pointi 36 zitapanda hadi 46, na pesa yake itakuwa imepotea. Wanaotumia huita hilo unga mbovu, na unga kweli unaweza kuwa mbovu, lakini mara nyingi hauna kosa.

Faida ya pili ni dari. Kwa kuwa kila kipokezi kinatoa pointi 0.4 tu, hata vyote 100 vikikaliwa ujumbe hauvuki 40. Kuongeza dozi baada ya hapo kunarefusha muda wa dawa kukaa mwilini, lakini hakuongezi sana kilele chake. Kwenye pumzi hiyo ndiyo tofauti kati ya dawa hii na methadoni, ambayo haina dari na ambayo ndiyo iliyotumika kufungua kliniki ya Muhimbili jijini Dar es Salaam mwezi Februari mwaka 2011. Methadoni inafanya kazi kwa njia nyingine: ni agonisti kamili, ila inapanda polepole na kukaa siku nzima, kwa hiyo mgonjwa anakunywa dozi moja kwa siku mbele ya muuguzi na hapati mawimbi ya kupanda na kushuka ya heroini. Dozi yake huongezwa kwa tahadhari katika wiki za mwanzo kwa sababu hujikusanya mwilini. Mtu aliyezoea unga mwingi mara nyingi huhisi pointi 36 hazimtoshi na methadoni ndiyo inayomkalisha. Si kila mtu anafaa dawa yenye dari. Shirika la Afya Duniani liliziweka zote mbili kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Dari hiyo, hata hivyo, ina matobo. Inahusu vipokezi vya afyuni peke yake. Pombe na dawa za usingizi za jamii ya Valiamu huipunguza pumzi kwa mlango mwingine kabisa, na buprenofini haina habari nao. Vikichanganywa, mtu anaweza kufa akiwa na dawa inayosifiwa kuwa salama. Vilevile mtoto, au mtu mzima ambaye mwili wake haujazoea afyuni, hana uvumilivu ambao kijana wetu anao. Kwake pointi 36 si nafuu, ni nyingi mno, na kidonge kilichoachwa mezani kinaweza kumzimisha mtoto pumzi. Na hapo mshiko uliokuwa rafiki unageuka kikwazo, kwa kuwa naloksoni ya kawaida inaweza isitoshe kuing'oa. Madaktari hulazimika kutoa nyingi zaidi, kwa dripu na kwa muda mrefu, huku wakimsaidia mgonjwa kupumua kwa mashine.

Naloksoni hiyohiyo imetiwa ndani ya vidonge vingi vya buprenofini, sehemu moja kwa kila nne. Chini ya ulimi haiingii kwenye damu kiasi cha kuleta athari, kwa hiyo anayekitumia inavyotakiwa haihisi. Anayekisaga na kujidunga huipeleka yote kwenye mshipa, na kama ana heroini mwilini, arosto humkuta sindano haijatoka mkononi.

Jambo linalosumbua zaidi hospitalini hujitokeza mgonjwa wa buprenofini anapovunjika mguu. Anafika na maumivu makali, anachomwa mofini ya kipimo cha kawaida, na hakuna kinachotokea, kwa sababu viti vimejaa. Asiyejua anaweza kudhani anaigiza ili aongezewe. Zamani wengi walisimamisha buprenofini kabla ya upasuaji, na wagonjwa wakarudi kwenye unga wakiwa bado na mishono. Siku hizi wengi huiacha iendelee, wakiigawa dozi ya siku mara tatu au nne, maana uwezo wake wa kutuliza maumivu huisha mapema kuliko uwezo wake wa kuzuia arosto. Kisha maumivu yanayobaki hushambuliwa kwa dawa zisizohitaji vipokezi vya afyuni kabisa: ganzi ya kuchoma karibu na mshipa wa fahamu, parasetamoli, ibuprofeni, na ketamini kwa kiasi kidogo. Ikibidi kuongeza agonisti kamili, hutumika yenye mshiko mkubwa kama fentanili, ambayo ina uwezo wa kugombania viti, tena mgonjwa akiwa mahali panapoweza kumpima pumzi usiku kucha.